Nyuso sita kwenye rafu moja: uchambuzi wa prompti ya picha ya dukani

Kampuni ndogo inayotengeneza sabuni ya maji ya kunawia mikono ilikuwa inajiandaa kuomba nafasi kwenye rafu za duka kubwa. Chupa zenyewe zilikuwa bado hazijatoka kiwandani, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kupiga picha. Walitaka modeli ya kuchora picha kwa maneno iwape picha moja tu: chupa sita za aina moja, ubavu kwa ubavu, katikati ya rafu iliyo usawa wa macho. Kushoto kwake wakae maboksi ya sabuni za vipande, kulia kwake mifuko ya kujazia, na lebo zote zimtazame mteja.

Namba sita haikuwa pambo. Wapangaji wa rafu huhesabu nafasi kwa nyuso, yaani nakala za bidhaa zinazoonekana kwa mbele bila kujali ngapi zimejificha nyuma. Anayeomba nyuso sita anaomba upana fulani wa rafu, na upana huo lazima umpunguzie jirani yake. Picha yenye chupa tano au saba inaomba kitu kingine kabisa, hata iwe nzuri kiasi gani.

Prompti waliyokuja nayo, yaani maelezo ya kuiagiza modeli picha, ilikuwa hii:

```
supermarket shelf full of liquid soap bottles, all labels
facing forward, other products next to them, realistic, 8k
```

Picha zilizotoka zilifanana kwa makosa. Kamera ilisimama kwenye ujia wa duka na kutazama mbali, rafu zikakimbilia nukta moja upande wa kulia wa fremu. Chupa zilikuwa nyingi mno, na kila moja ilikuwa na bega lake na kifuniko chake. Majirani hawakuwa maboksi wala mifuko. Walikuwa chupa zilezile za sabuni zilizobadilishwa rangi. Lebo zilielekea huku na huku, zikiwa zimejaa herufi zisizosomeka. Neno `8k` halikusaidia lolote, na ningependa watu waache kuliandika. Haliongezi pikseli hata moja, maana ukubwa wa picha huwekwa kwenye mpangilio wa modeli, nje ya prompti.

Hayo yote yana sababu zinazoeleweka, na nitaanza na ile inayotawala nyingine: mahali kamera inaposimama.

Picha nyingi za rafu za dukani ambazo modeli hujifunzia hupigwa kwa pembe, mpiga picha akiwa kwenye ujia, kwa kuwa pembe hiyo huonyesha wingi wa bidhaa. Ukisema rafu ya duka bila kusema kamera iko wapi, modeli inakupa picha hiyo iliyozoeleka. Ukishaipata, mengine yote yanaharibika. Chupa za mbali zinakuwa ndogo, hivyo hazihesabiki. Lebo zinaonekana kwa ubavu, hata kama chupa zimepangwa sawasawa. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya prompti mpya ilizungumzia kamera peke yake: inatazama rafu moja kwa moja, iko usawa wa rafu ya kati, na kingo za rafu zimelala sambamba na ukingo wa fremu. Nikaongeza kwamba kila kitu kionekane kikali. Bila hilo modeli hupenda kutia ukungu kwenye pembe za picha, na majirani waliotiwa ukungu si majirani tena.

Umbali wa kamera nao una uzito, na hapa ndipo watu wengi hupotea bila kujua. Chukua vipimo vya kisa hiki. Kila chupa ina upana wa sentimita 7, na kati ya chupa na chupa kuna nafasi ya sentimita 1. Chupa sita na nafasi tano ni sentimita 47. Kitovu cha chupa ya mwisho kulia kiko sentimita 20 kutoka katikati ya safu. Kamera ikiwa sentimita 60 mbele ya rafu, chupa hiyo inaonekana kwa pembe ya nyuzi 18 hivi. Ikirudi nyuma hadi mita 2, pembe inashuka chini ya nyuzi 6.

Chupa ya duara inayotazamwa kwa pembe ya nyuzi 18 haionyeshi lebo yake katikati. Lebo inasogea kuelekea nje, karibu sentimita 1 kwenye chupa hii, na ubavu wa ndani wa chupa unaonekana zaidi. Kwa maneno mengine, picha ya karibu ya safu iliyopangwa vizuri kabisa itaonyesha lebo za pembeni zikiwa zimekwenda kando. Ukiilazimisha modeli iweke kila lebo katikati ya chupa yake huku mtazamo ukiwa wa karibu, umeiambia izungushe chupa za pembeni zimfuate mpiga picha. Mpangaji wa rafu mwenye jicho zuri atahisi kasoro, hata akishindwa kuitaja. Dawa ni kurudisha kamera nyuma. Kutoka mbali, lebo iliyo katikati na chupa iliyopangwa sawasawa zinakuwa kitu kimoja.

Prompti haielewi mita kama fundi anavyozielewa. Ukiandika `85mm lens` au `shot from across the aisle`, unachofanya ni kuivuta modeli kuelekea familia ya picha zilizopigwa kutoka mbali, huipi kipimo. Inasaidia, lakini lazima uthibitishe kwa macho. Tazama chupa mbili za mwisho, kushoto na kulia. Ukiona ubavu wao wa ndani umefunguka, kamera bado iko karibu.

Baada ya kamera kutulia, tukaja kwenye lebo. Maneno `facing forward` yanaonekana wazi kwa anayeyaandika, lakini yanatoa amri bila kueleza kinachoonekana. Mbele ya nani? Mbele ya rafu, mbele ya chupa, au mbele ya kamera? Modeli hujifunza kutokana na maelezo yaliyoambatana na picha, na maelezo hayo husema kilichomo kwenye picha. Kwa hiyo niliandika kile ambacho jicho lingekiona chupa zikiwa zimepangwa vizuri: lebo imekaa katikati ya kila chupa. Sikuandika kwamba pasiwe na chupa zilizogeuka. Kuzitaja chupa zilizogeuka, hata kwa kuzikataa, mara nyingi huzileta, kwa sababu kisoma maandishi, sehemu ya modeli inayosoma prompti, hushika zaidi vitu vilivyotajwa kuliko ukanusho uliovitangulia. Baadhi ya modeli zina kisanduku cha pembeni cha `negative prompt` kwa ajili ya kazi hiyo. Nyingine, kama FLUX.1 [dev] katika matumizi yake ya kawaida, hazikitumii, na hapo njia ni kueleza unachotaka, basi.

Chupa hizi zilikuwa na pampu, na pampu ndiyo inayotoboa siri. Lebo zote zinaweza kuwa zimetazama mbele huku midomo ya pampu ikielekea kila upande, na safu nzima ikaonekana kama imepangwa na mtu aliyekuwa na haraka. Mdomo unaoelekea kwenye kamera ni mgumu kwa modeli, kwa kuwa unafupika hadi kuwa kitundu, na modeli huugeuza kitundu hicho kuwa kifundo kisichoeleweka. Tulikubaliana midomo yote ielekee kushoto. Mwelekeo huo unaonekana waziwazi kwa ubavu, unachoreka, na pia unatupa kitu cha kukagulia: mdomo mmoja ukielekea kulia, macho yanaukamata papo hapo.

Suala la majirani lilihitaji fikra tofauti. Prompti ya kwanza ilisema `other products`, na modeli ikajaza pengo kwa kile ilichokuwa inakifikiria tayari, yaani chupa za sabuni. Sifa za kitu kimoja kuvuja na kuingia kwenye kingine ni tabia inayojulikana ya modeli hizi. Maneno yote ya prompti yanaathiri picha nzima, hivyo `pump` iliyokusudiwa kwa chupa inaweza kuota juu ya boksi. Uvujaji unapungua majirani wakitofautiana na bidhaa kwa umbo kwanza, kisha kwa rangi. Boksi fupi la buluu na mfuko wa rangi ya chungwa haviwezi kuchanganywa kirahisi na chupa nyeupe. Kama jirani angekuwa chupa ya shampuu, tungeteseka zaidi, na ningependekeza tangu mwanzo sehemu hiyo ipakwe upya peke yake kwa prompti yake.

Kila jirani alipewa sentensi yake, ikitaja upande wake, umbo lake, rangi yake na anavyosimama. Sikuwapa idadi. Kwa picha hii majirani wanahitaji kuonekana kama bonge moja kila upande, na kila namba unayoongeza inagombana na ile sita ambayo ndiyo kiini cha kazi. Niliacha pia vifungashio vyao bila maandishi wala nembo. Modeli ikiachiwa huru hapo huweza kuchora kitu kinachokaribia sana nembo ya kampuni iliyopo, na hakuna anayetaka kwenda kwenye mazungumzo ya biashara na picha ya namna hiyo.

Jambo jingine dogo: `rows` kwenye rafu inaweza kumaanisha chupa zilizopangwa ubavu kwa ubavu, chupa zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, au ngazi za rafu. Nilipolijaribu neno hilo, modeli ilichagua maana ya tatu na kujaza ngazi zote bidhaa ileile. Nikaandika safu moja tu, ubavu kwa ubavu, na nikaeleza ngazi ya juu na ya chini zimebeba nini.

Prompti ikawa hivi. Niliiandika kwa Kiingereza kwa sababu visoma maandishi vya modeli hizi vimejifunza kwa Kiingereza zaidi:

```
Straight-on photo of one store shelf bay, shot from across
the aisle, camera level with the middle shelf, shelf edges
horizontal, everything in sharp focus.
Centre of the middle shelf: a single line of six identical
white pump bottles, side by side, evenly spaced, a blank pale
green label centred on each, every nozzle pointing left.
Left of them: a block of low plain blue cardboard boxes.
Right of them: a block of upright plain orange refill pouches.
Shelves above and below: plain grey cartons.
Even overhead light.
```

Urefu wake una masharti. Modeli ya Stable Diffusion XL husoma prompti kwa kisoma maandishi kiitwacho CLIP, ambacho dirisha lake ni tokeni 77, yaani vipande vya maneno, viwili kati yake vikiwa vya kufungua na kufunga. Prompti hii inavuka hapo, na programu nyingine hukata mkia bila kelele, nyingine huigawa vipande. FLUX.1 [dev] inatumia pia kisoma maandishi kingine, T5, chenye nafasi ya hadi tokeni 512, kwa hiyo yote inaingia. Ukiwa na modeli ya dirisha fupi, futa rafu za juu na chini kabla ya kugusa kamera au safu ya katikati.

Matokeo yalibadilika sana. Kamera ilisimama pake, majirani wakawa majirani, lebo zikakaa katikati. Idadi ndiyo iliyokataa. Picha moja ilitoa chupa tano, nyingine saba, nyingine sita lakini ya sita imekatwa nusu na boksi. Hilo halitibiki kwa kuandika `exactly six` kwa herufi kubwa. Modeli haihesabu. Inaanza na picha ya chengachenga tupu na kuisafisha yote kwa pamoja, na neno `six` linaivuta tu kuelekea picha zenye vitu kadhaa. Vitu viwili au vitatu hutoka sawa mara nyingi. Kuanzia vitano kwenda juu, unabahatisha. Wapo wanaobadilisha `seed`, namba inayoanzisha uchoraji, hadi sita ipatikane. Kwa picha moja inawezekana, lakini mteja akirudi na marekebisho unaanza upya, na kwa kazi inayohesabiwa kwa nyuso sioni kama ni njia ya kuaminika.

Tulichofanya ni kuiondolea prompti mzigo wa kuhesabu. Nilichora picha ya mwongozo yenye pikseli 1344 kwa 768, ikiwakilisha kipande cha rafu chenye upana wa mita 1. Hiyo ni pikseli 13.44 kwa kila sentimita. Chupa ya sentimita 7 inakuwa pikseli 94, na safu yote ya sentimita 47 inakuwa pikseli 632, zikiwa katikati. Zinabaki sentimita 26.5 kila upande kwa majirani. Chupa yenye kimo cha sentimita 20 inakuwa pikseli 269. Nilichora maumbo matupu tu: mistari miwili ya kingo za rafu, vivuli sita vya chupa na midomo yake kushoto, mabonge mawili ya pembeni. Mchoro huo ukaingizwa kupitia ControlNet ya aina ya mistari, nyongeza inayoifanya modeli ifuate mchoro, prompti ikiwa ileile. Sasa idadi, nafasi na mwelekeo wa pampu vinatoka kwenye mchoro. Maneno yanabaki na kazi ya vifaa, rangi na mwanga.

Nguvu ya mwongozo inataka kusawazishwa. Ikiwa juu mno, chupa zinabaki bapa kama karatasi iliyokatwa, bila kivuli kwenye rafu. Ikiwa chini mno, chupa ya saba inajipenyeza karibu na mifuko. Njia nzuri ni kuuacha mwongozo ushike hatua za mwanzo za uchoraji, ambapo mpangilio wa picha unaamuliwa, halafu uachie hatua za mwisho zijaze nyuso na mng'ao.

Hata hivyo chupa sita hazikuwa sawa kabisa. Bega la tatu lilikuwa la duara kuliko la nne, na shingo ya pampu moja ilikuwa nene. Neno `identical` linaleta ufanano wa jumla, halinakili. Nilichagua chupa iliyotoka vizuri zaidi, nikaikata, nikaiweka mahali pa nyingine tano kwenye programu ya kuhariri picha, kisha nikapitisha sehemu ile tena kwenye modeli kwa nguvu ndogo ya mabadiliko, karibu 0.3. Kipimo hicho hutofautiana kati ya modeli na modeli, hivyo anza chini na upande taratibu. Kupita huko kuna maana yake: nakala zilizobandikwa zina mng'ao mmoja mahali pamoja, na jicho hulishtukia hilo haraka. Safu halisi ina chupa sawa kwa umbo, lakini mwanga unaangukia kila moja tofauti kidogo, na vivuli kati yao havilingani.

Lebo yenye maandishi ilibandikwa mwisho kabisa, kutoka kwenye faili la kampuni yenyewe. Kuna watakaouliza kwa nini isichorwe na modeli, hasa kwa kuwa modeli za sasa zinaandika maneno vizuri kuliko za zamani. Jibu liko kwenye ukubwa. Lebo ya sentimita 6 kwenye picha yetu ni pikseli 81. Modeli hizi hazichori pikseli moja kwa moja. Zinafanya kazi kwenye gridi ya ndani iliyopunguzwa mara 8 kila upande, kwa hiyo lebo nzima inapata viseli kumi tu kwa upana. Jina la bidhaa, maelezo na ujazo haviwezi kukaa humo, sembuse mara sita bila kutofautiana. Ndiyo sababu prompti iliomba lebo tupu ya kijani hafifu. Lebo tupu ni mahali safi pa kubandika, na kivuli chake kinaonyesha mviringo wa chupa unaopaswa kufuatwa wakati wa kupinda faili. Ikibidi maandishi yasomeke, picha nzima ikuzwe kwanza, halafu lebo ibandikwe.

Ukaguzi wa mwisho ulifanywa kwa mistari, kwa kuwa macho huzoea picha yaliyoitazama sana. Nilishusha mstari wima katikati ya kila lebo na kupima umbali kati ya mistari. Unapaswa kuwa pikseli 107 au 108, yaani sentimita 8. Nilihesabu chupa kwa vitako vyake kwenye ukingo wa rafu. Vichwa hudanganya, maana chupa ya mstari wa nyuma inaweza kuchungulia kati ya pampu mbili na kuhesabiwa. Nilifuata ukingo wa rafu kutoka kushoto hadi kulia, kwani modeli hupenda kuupandisha au kuushusha kidogo unapopita nyuma ya kitu. Mwisho niligeuza picha kushoto kulia kama kwenye kioo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mfuko mmoja wa kujazia ulikuwa umeota mdomo wa pampu. Sehemu hiyo ikapakwa upya kwa prompti fupi iliyotaja mifuko peke yake, bila neno chupa wala pampu.

Siku chache baadaye kampuni iliomba toleo la pili lenye nyuso nne, iwapo duka litakataa sita. Chupa nne na nafasi tatu ni sentimita 31, hivyo majirani wanapanuka hadi sentimita 34.5 kila upande. Mchoro wa mwongozo ulibadilishwa kwa vipimo hivyo, kwenye prompti `six` ikawa `four`, na `seed` ikabaki ileile ili mwanga na rangi vikae karibu na picha ya kwanza. Maboksi ya buluu yalijipanga upya kujaza nafasi iliyoongezeka, kama yanavyotakiwa, na picha mbili zikawekwa bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja wa maombi, chini yake pameandikwa kwamba ni mchoro wa mapendekezo na si picha ya rafu iliyopo.